Kidonge Kilichosomeka "Rangi Mbili": Kisa cha Emoji Kwenye Kitini cha Kuharisha

Kisa hiki kinahusu kitini cha kurasa mbili na slaidi 14 nilizoandaa kwa mafunzo ya siku mbili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga. Washiriki walikuwa 24. Mada ilikuwa moja tu: mtoto wa chini ya miaka mitano anayeharisha, afanyiwe nini nyumbani na akimbizwe zahanati wakati gani. Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyechagua alama, na kosa ninalolieleza hapa ni langu.

Nilijaza emoji. Wahudumu hawa wengi wao wana simu, wanaandikiana WhatsApp kutwa nzima, na nilijua kitini kitatumika mlangoni kwa mama, huku mtoto analia na mhudumu hana nafasi ya kusoma aya nzima. Nikaona alama ndogo pembeni mwa kila mstari itamsaidia kuupata haraka mstari anaoutaka. Wazo lenyewe lilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba sikujiuliza kila alama inafanya kazi gani.

Nianze na zile zilizofaulu, kwa sababu zilinifundisha mengi kuliko zilizoharibika. Kwenye slaidi, kila palipokuwa na zoezi niliweka alama moja kati ya tatu kwenye kona ya juu kushoto: 👥 kwa majadiliano ya vikundi, ✍️ kwa kuandika, na ⏰ pamoja na idadi ya dakika. Sikueleza maana yake. Mara ya kwanza nilisema kwa mdomo, "Tugawane vikundi." Mara ya tatu, slaidi ilipotokea tu, watu walishaanza kugeuza viti kabla sijafungua mdomo. Alama ilikuwa pale pale, ukubwa ule ule, na maana ile ile kila mara. Tena kama mtu angeisoma vibaya, hasara ingekuwa kugeuza kiti bure.

Angalia pia umbo la hiyo 👥. Ni vivuli viwili vya vichwa na mabega, havina sura wala hisia. Kwa kweli ni ikoni ya kawaida iliyoingia kwenye orodha ya emoji. Hilo sikuliona siku ile, nililiona baadaye nilipokuwa najiuliza kwa nini hizi tatu zilipona na nyingine zikafa.

Sasa vidonge. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya ORS na zinki. Kipimo cha zinki ni miligramu 20 kwa siku, yaani kidonge kimoja, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni miligramu 10, yaani nusu kidonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni siku 10 hadi 14. Kidonge chenyewe ni cha duara, cheupe au karibu na cheupe, na huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Pembeni mwa mstari huo niliweka 💊.

Siku ya pili asubuhi tulifanya zoezi la kuigiza. Mshiriki mmoja ni mhudumu, mwingine ni mama, na mhudumu anatumia kitini tu bila kuuliza. Mama mmoja wa makamo, mhudumu wa miaka mingi anayeheshimika kijijini kwake, alifika kwenye mstari wa zinki, akaweka kidole juu ya alama, akamwambia mwenzake: "Halafu utampa hii rangi mbili, ya siku kumi."

Rangi mbili. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji maelezo: ndilo jina la mtaani la kapsuli ya antibayotiki, ile ya nusu nyekundu na nusu njano au nyeusi, ambayo watu huinunua kwa hesabu ya vidonge dukani na kuimeza kwa kila ugonjwa. Na ukiitazama 💊 kwenye simu nyingi, inachorwa hivyo hivyo hasa: kapsuli ya vipande viwili, kimoja chekundu na kimoja cha njano. Hata kopi ya kijivu ilionyesha nusu nyeusi na nusu nyeupe. Neno "zinki" lilikuwa limeandikwa pale pale. Lakini jicho lilifika kwenye picha kwanza, na picha ilikuwa na jina tayari.

Nilimwuliza kwa upole, "Mama, hapo pameandikwa nini?" Akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Zinki. Lakini mwalimu, hii uliyochora siyo zinki." Alikuwa na haki kabisa. Mafunzo yote yalikuwa yanapigana na tabia ya kumpa antibayotiki kila mtoto anayeharisha, wakati kuharisha kwa kawaida hakuhitaji antibayotiki, na mtoto mwenye damu kwenye choo ndiye anayepelekwa zahanati akapimwe na kupewa. Kitini changu kilikuwa kinamchorea mhudumu dawa ile ile ninayomkataza.

Wanaotengeneza alama za usalama wana namna ya kuhesabu kosa la aina hii. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z535.3 kinataka alama ieleweke sawasawa na angalau asilimia 85 ya wanaojaribiwa, na wanaoielewa kinyume kwa namna inayoleta hatari wasizidi asilimia 5. Ninachokipenda hapo ni kutenganishwa kwa makosa mawili. Mtu asiyeelewa alama atasoma maneno. Aliyeielewa kinyume hasomi, kwa sababu anaamini ameshajua. Emoji zina hatari kubwa ya kosa hili la pili, maana watu wanazijua tayari kutoka kwenye simu zao. Kila moja inakuja na maana yake ya mtaani, na maana hiyo inaingia darasani kabla ya mwalimu.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, ingawa ilionekana ndogo. Kwenye dalili za hatari kuna mtoto aliyelegea kupita kiasi au asiyeamka. Nikaweka 😴. Kijana mmoja wa kikundi cha tatu aliuliza bila utani wowote: "Kama amelala, si ndiyo amepata nafuu?" Kwenye mazungumzo ya simu sura ile ina maana ya usingizi mtamu, au "naenda kulala." Mama aliyekesha siku mbili na mtoto anayelia, mtoto akinyamaza anashukuru. Hapo ndipo panapotakiwa kengele, na mimi nimeweka pale alama ya utulivu. Nikaitazama orodha nzima ya sura nikitafuta mbadala na sikuupata, kwa sababu sura za emoji zilitengenezwa kuonyesha hisia za mtu anayeandika ujumbe. Dalili za mgonjwa ni kitu kingine. Macho yaliyodidimia, mtoto kushindwa kunywa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole kwa zaidi ya sekunde mbili: hakuna sura ya njano inayobeba hayo.

Kisha rangi. Nilikuwa nimetumia 🟢, 🟡 na 🔴 kwa viwango vitatu vya upungufu wa maji mwilini. Sikubuni. Chati za matibabu ya watoto ambazo zahanati zetu hutumia zimepangwa kwa rangi hizo za kijani, njano na waridi, ambapo waridi ni rufaa ya haraka. Nilitaka mhudumu na mganga wa zahanati wazungumze lugha moja. Lakini kitini kilitolewa kopi steshenari, kwa mashine ya wino mweusi, kopi 24 kwa ajili ya mafunzo na nyingine kwa ajili ya vijiji. Kwenye kopi hizo miduara mitatu ikawa vijivu vitatu vinavyokaribiana. Mhudumu aliyekaa karibu na dirisha aliweza kutofautisha njano na nyingine mbili. Kijani na nyekundu hakuna aliyevitofautisha kwa uhakika. Kikundi kimoja kilihesabu kutoka juu kwenda chini na kudhani wa kwanza ndio wa hatari zaidi, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulidhani.

Kwenye slaidi miduara hiyo hiyo ilivunjika kwa namna nyingine. Slaidi niliziandaa kwenye kompyuta yangu, nikazibeba kwa flashi. Kompyuta ya ukumbini ilikuwa na Windows 7. Slaidi ya viwango ilipofunguka, 🔴 ilionekana kama duara lisilo na rangi, na mahali pa 🟢 na 🟡 palikuwa na visanduku viwili vitupu. Msaidizi wangu akadhani faili limeharibika. Faili lilikuwa zima.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea, kwa sababu kikishaeleweka, nusu ya maamuzi yanajifanya yenyewe. Emoji ni herufi. Ndani ya faili hakuna picha ya kidonge, kuna namba tu: U+1F48A. Kompyuta inayofungua faili ndiyo inayochukua namba hiyo, ikatafuta mchoro wake kwenye fonti iliyonayo, na kuuweka kwenye skrini. Fonti ya Windows ni Segoe UI Emoji, ya Apple ni Apple Color Emoji, ya simu nyingi za Android ni Noto Color Emoji au ya mtengenezaji wa simu. Kila moja ina wachoraji wake. Kwa hiyo unapotuma emoji hutumi mchoro, unatuma ombi la mchoro. Mashine ya zamani isiyo na fonti ya rangi itachora kwa mistari myeusi. Isiyoijua namba yenyewe itaweka kisanduku. Duara jekundu liliingia kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya namba hizo za herufi, mwaka 2010, na la kijani na la njano yaliingia mwaka 2019. Mashine yenye fonti ya kati ya miaka hiyo itakuonyesha hatari bila kukuonyesha usalama.

Ukihifadhi kama PDF, mchoro hufungwa ndani ya faili na visanduku vinaisha. Ndiyo sababu kitini changu, nilichokitoa kama PDF, hakikuwa na visanduku, na slaidi zilikuwa navyo. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, wa bure kabisa, ni kubeba nakala ya PDF ya slaidi hata kama utatumia PowerPoint. Lakini PDF haiponyi kijivu cha fotokopi, wala haiponyi rangi mbili.

Tulipomaliza mafunzo niliomba wiki mbili za kukirudia kitini kabla hakijasambazwa vijijini. Kwanza nilihesabu: kurasa mbili zilikuwa na emoji 43. Nikachukua kalamu na kuandika pembeni mwa kila moja kazi yake. Ishirini na saba zilikuwa pambo tu: tone la maji pembeni mwa neno "maji," sabuni pembeni mwa neno "sabuni," nyota pembeni mwa kichwa cha habari. Nikazifuta zote. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba ishara inayoelekeza jicho kwenye jambo la msingi humsaidia mwanafunzi, na kitu cha kuvutia kisichohusika humpunguzia uelewa. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Ukurasa ulipobaki mweupe ndipo nikaliona: zile chache zilizobaki zikaanza kuonekana.

Zilizobaki nilizigawa kwa swali moja. Mtu akiisoma vibaya, nini kitatokea? Kama kitakachotokea ni kugeuza kiti au kuchukua kalamu mapema, emoji ibaki. Kama kitakachotokea kinafika mdomoni mwa mtoto, emoji itoke na mahali pake pakae ikoni ya mistari myeusi, au mchoro halisi, au maneno peke yake.

Kwa ikoni nilitumia njia iliyo ndani ya PowerPoint ya matoleo mapya: `Insert`, kisha `Icons`. Hizo ni michoro ya SVG, inaingia ndani ya faili kama mchoro, haiombi fonti ya mtu. Ukiikuza haipasuki, na rangi unaibadilisha kwa `Graphics Fill`. Mwenye toleo la zamani anaweza kupakua Material Symbols za Google, ambazo leseni yake inaruhusu kutumia bure, au OpenMoji, ambayo kila emoji yake ina mchoro wa pili wa mistari myeusi tu. Hiyo ya OpenMoji inafaa sana kwa mtu anayetaka kubaki na emoji zinazojulikana lakini anajua kazi yake itapita kwenye fotokopi. Wanataka uwataje kwenye kitini, na ukibadilisha mchoro uuache huru kama wao walivyouacha.

Mashine ya kopi ndiyo ikawa mwamuzi wa kwanza. Nilichapa ukurasa, nikautolea kopi, kisha nikatoa kopi ya kopi, kwa sababu vijijini ndivyo kinavyosafiri. Ikoni yoyote iliyopoteza umbo kwenye kopi ya pili niliitupa. Mistari myembamba ilikatika. Ikoni zilizojazwa nyeusi ndani zilipona, mradi ziwe na upana wa kama sentimita moja na nusu.

Viwango vitatu vya upungufu wa maji sikuvipa rangi wala duara. Nilivipa maumbo na maneno: mraba mtupu ulioandikwa "NYUMBANI," mraba uliojazwa nusu ulioandikwa "ZAHANATI LEO," na mraba mweusi wote ulioandikwa kwa herufi nyeupe "KIMBIZA SASA." Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la rangi ya chati ya zahanati limeandikwa: kijani, njano, waridi. Mhudumu anaweza kumpigia mganga simu na kumtajia rangi hata kama karatasi yake haina rangi.

Kwenye kunyonyesha nilikuwa nimeweka 🍼, na hili linaniuma hadi leo. Mstari ulisema "Endelea kumnyonyesha" na pembeni pana chupa ya maziwa ya kopo. Emoji ya mama anayenyonyesha ipo tangu 2017, sikuitafuta. Lakini nayo ni mchoro wa rangi wenye vitu vidogo vidogo ambao kwenye kopi unakuwa doa. Nikachukua alama ya kimataifa ya kunyonyesha aliyoichora Matt Daigle mwaka 2006, ya vivuli viwili vya mama na mtoto. Iliachwa huru kwa matumizi ya umma, na kwenye kopi ya pili bado inasomeka kutoka hatua mbili.

Dalili za hatari hazina alama yoyote sasa. Zimewekwa ndani ya fremu nene, sentensi fupi fupi, na ya kwanza inasema: "Mtoto amelegea, ukimwita hafungui macho." Nilijaribu ikoni tatu za mtoto aliyelala chali, na watu walisoma usingizi, kifo, na kuota jua. Maneno yalishinda.

Na ikoni nazo zina makosa yake, asije mtu akadhani nimezihubiri. Kwa zinki nilichora kidonge jinsi kilivyo: duara na mstari katikati, ule wa kukatia nusu. Kizuri, cheusi, kinasomeka. Kabla ya kuchapa nilikionyesha bila maneno kwa watu 10 kituo cha mabasi, mmoja mmoja, nikiuliza tu, "Hii ni nini?" Sita walisema kidonge. Wanne, watatu kati yao madereva wa bodaboda, walisema "usiingie." Ni kweli: duara lenye mstari wa kulala katikati ni alama ya barabarani ya kuzuia kuingia. Kwenye mstari unaosema mpe mtoto dawa, nilikuwa nimeweka katazo.

Nikaachana na kidonge kimoja. Nilichora karatasi ya vidonge yenyewe kama inavyotoka zahanati, safu mbili za vidonge vitano vitano, na chini yake visanduku kumi vyenye namba 1 hadi 10. Nikarudi kituoni na watu wengine 10. Tisa walisema "vidonge vya siku kumi" au maneno ya namna hiyo, mmoja akasema ni kalenda, na hakuna aliyesema rangi mbili.

Jambo moja lilibaki bila alama nzuri, nalo ni lita moja. Pakiti ya ORS inachanganywa kwenye lita moja kamili ya maji safi, na mchanganyiko unatumika ndani ya saa 24. Maji yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Kitini cha kwanza kilikuwa na 🥛, ambayo jina lake rasmi ni glasi ya maziwa, na watu waliisoma hivyo. Ikoni ya chupa ilieleweka na wote kuwa ni maji, lakini nilipouliza "maji kiasi gani?" majibu yalikuwa nusu lita, lita, na lita moja na nusu, kila mtu na chupa anayoinunua. Mchoro hauwezi kusema kiasi. Sasa kuna chupa nyeusi na ndani yake, kwa tarakimu kubwa kuliko ikoni nyingine yoyote kwenye ukurasa: LITA 1. Chini yake nimeandika mstari mmoja: chupa ya nusu lita, jaza mara mbili.

Slaidi bado zina 👥, ✍️ na ⏰, kona ya juu kushoto.